Maswali ya Pantoni

Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro au kupanda hadi Mahenge alipitia Kivukoni, na Kivukoni haraka yako haikumsumbua mtu. Pantoni ikiwa ng'ambo, unasubiri. Ikiwa upande wako lakini mto umejaa, unasubiri vilevile. Miaka ya themanini, nikiwa kijana, nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili wageni waliokuja kufanya kazi Ifakara, wengi wao Waswisi, na darasa langu hasa lilikuwa pale ukingoni. Vitabu walikuwa navyo majumbani mwao. Pale mgeni alikiona kitu, akakiulizia. Mtumbwi ule umechongwa kwa mti gani? Samaki huyu anaitwaje? Yule mzee anafunga nini? Wandamba, wenyeji wa Mto Kilombero tangu zamani, walijibu hata mambo ambayo mimi mwalimu sikuyajua, na somo likaendelea mpaka pantoni ikafika.

Waswisi hawakutokea Ifakara kwa bahati. Wakapuchini wa kwao walianza kazi ya misheni nchini mwaka 1921. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Basel, akafungua maabara ndogo ya utafiti mjini kwetu, na kutokana na maabara hiyo ndiyo imekua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa hiyo kila mwaka walishuka wauguzi, madaktari na wachunguzi wa mbu na papasi, kwa treni ya TAZARA au kwa barabara ya vumbi kutoka Mikumi kupitia Kidatu. Hospitalini wagonjwa walijieleza kwa Kiswahili, na wengine kwa Kipogoro au Kindamba, hivyo mgeni asiyejua Kiswahili alikuwa kama amefika nusu. Mimi nililipwa sabuni, chumvi, mara nyingine sukari. Sukari yenyewe ilitengenezwa hapohapo wilayani kwetu, lakini miaka ile kuiona dukani ilitaka ukoo mzuri.

Sasa mgeni anaanza kujifunza kabla hajapanda ndege. Mpwa wangu amesomea uuguzi na anajifunza Kijerumani akitazamia kwenda mafunzoni kunakozungumzwa lugha hiyo. Upande wa pili wapo Waswisi wanaojiandaa kuja kwetu. Wanatafutana mtandaoni, wanakubaliana siku, kisha wanaonana kwa wasapu kila mtu akiwa chumbani kwake. Nusu ya muda Kiswahili, nusu Kijerumani, na hakuna anayemlipa mwenzake. Utaratibu huu una umri mkubwa kuliko simu zetu. Ulishika mizizi kwenye mikutano ya vijana wa Ujerumani na Ufaransa miaka ya sitini, na katika miaka ya tisini Chuo Kikuu cha Bochum kikauendeleza kwa barua pepe. Kanuni yake kubwa ni kwamba unachopokea ndicho unachotoa.

Mpwa wangu aliniomba nikae pembeni siku ya mkutano wake wa kwanza, na binti mmoja wa Basel. Wote wawili walikuwa wameandika maswali. Binti akaanza kuyasoma: Unaitwa nani? Una miaka mingapi? Una ndugu wangapi? Wewe ni kabila gani? Unapenda kula wali? Mpwa wangu alijibu neno mojamoja, kama mtu aliyefikiwa na karani wa sensa. Zamu ya Kijerumani ikafika, naye akamsomea maswali yaleyale. Karatasi zikaisha, muda ukabaki. Wakatabasamiana, mtandao ukakatika, na nadhani wote wawili walishukuru.

Binti hakuwa na kosa la Kiswahili la kumchekea. Tatizo lilikuwa kwamba kila swali lilifunga mlango wake lenyewe. "Unapenda kula wali?" linajibiwa "ndiyo" na limekwisha, hasa ukimuuliza mtu wa Kilombero. Na swali la kukanusha ni baya zaidi kwa anayeanza. Ukimuuliza Mswahili "Hujala?" naye hajala, atakujibu "Ndiyo, sijala," maana anakubaliana na ulivyosema. Mjerumani aliyetarajia "hapana" hapo atasikia ndiyo, ataamini mwenzake amekula, kisha atashangaa akiombwa ruhusa ya kwenda kupika. Ana kwa ana uso ungemsaidia. Kwenye kioo cha simu, picha ikichelewa nyuma ya sauti, uso nao hautegemewi.

Tulikaa tukaandika upya, mimi na mpwa wangu, maswali ambayo mwenza atakayefuata angeweza kumuuliza kwa Kiswahili. Jambo la kwanza nililomwonyesha ni lile nililolijua tangu Kivukoni bila kulipa jina: maneno ya kuulizia hayana uzito sawa mdomoni mwa mgeni. Nini, nani, wapi, lini na gani hayabadiliki hata kidogo. Mti gani, samaki gani, kitabu gani, mambo gani: neno ni lilelile, na anayeanza hana pa kujikwaa. Vilevile ile "-je" inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi: unaitwaje, mnapikaje, ilikuwaje. Lakini "-ngapi" na "-pi" hufuata ngeli. Watoto wangapi, viti vingapi, miaka mingapi, siku ngapi. Mtu yupi, kitu kipi, nyumba ipi. Mgeni akifika hapo anasimama kutafuta kiambishi, na mwenzake naye anasimama kumsubiri. Mkutano wa kwanza unaweza kwenda wote bila "-ngapi" hata moja.

Na kwetu adabu inakubaliana na sarufi katika hilo. Watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni kwa wazee wengi. Ekari za shamba na idadi ya ng'ombe ndiyo usiseme. Bonde letu limo katika orodha ya ardhioevu za Ramsar tangu mwaka 2002, wafugaji waliingia na mifugo mingi kutoka mikoa mingine, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuiondoa. Baada ya hapo, sauti ngeni inayouliza "mna ng'ombe wangapi" haisikiki kama mazungumzo. Inasikika kama ofisi. Mtu wa Basel hana njia ya kulijua hilo. Basi asiulize hesabu, atakuwa salama kwa lugha na kwa adabu pamoja.

La kabila nalo tulilitoa, ingawa kila mgeni hulipenda. Ifakara ni mji wa watu waliofika kwa nyakati mbalimbali: Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wasukuma, na watoto wao waliooana. Swali la kabila linamtaka mtu achague kiti kimoja kabla hajakaribishwa ndani. Mahali pake tuliweka mawili. La kwanza, "Kwenu ni wapi?", ambalo si sawa na "Unakaa wapi?", kwani mtu aweza kukaa Ifakara miaka yote na kwao kukabaki Malinyi. La pili, "Nyumbani mnazungumza lugha gani?" Hilo ndilo nililiona tajiri kuliko yote, na ajabu ni kwamba utajiri wake uliongezeka lilipoulizwa upande wa pili.

Maana mpwa wangu alikuwa amejifunza Kijerumani cha vitabu, akidhani ndicho watu wa Basel wanachokizungumza mezani kwao. Sivyo. Nyumbani, sokoni na kwenye tramu wanazungumza Kijerumani cha kwao cha Basel. Kile sanifu wanajifunza shuleni, wanakisoma gazetini na kukiandikia barua. Mswisi akizungumza sanifu na mgeni anafanya kitu kinachofanana sana na bibi wa Kipogoro anayemgeukia muuguzi kwa Kiswahili: lugha anaijua vizuri, lakini amebadilisha chumba. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kijerumani anayepata mwenza wa Uswisi anapaswa kuuliza mapema sana nyumbani wanazungumza nini, na wakutane katika Kijerumani kipi. Asipouliza, mwenza akimgeukia mumewe mlangoni akasema maneno matatu, mwanafunzi atadhani amepoteza pesa za masomo.

Mwenza aliyefuata alikuwa mama mtu mzima, naye wa Basel, tukamtumia maswali yetu. Hapo likaja suala la saa. Mpwa wangu alisema saa moja jioni, kumbe mama akaielewa kuwa saa saba mchana. Kuna mambo mawili yanayochanganyika hapo, na afadhali yaulizwe mojamoja: kwanza saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, pili Basel iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wao wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa kuwa wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Swali lililotuokoa lilikuwa la kizamani kabisa: "Wakati huo kwenu jua litakuwa limezama?" Mama akajibu kwamba ni wakati wa kutoka kazini, tukaelewana.

Tuliwaandalia kitu kingine pia. Pale mtoni swali lilizaliwa na jicho, lakini kwenye simu mtu anaona ukuta na pazia tu. Basi wakakubaliana kila mmoja aje na kitu cha nyumbani kwake, cha kazi, kisicho pambo. Mpwa wangu akaja na ungo.

Mama alianza na shikamoo. Alimwamkia kijana, kisha akaniamkia mimi niliyekuwa nyuma, na mpwa wangu akaona aibu kupokea. Kabla hatujamhutubia juu ya umri, mama mwenyewe aliuliza swali tulilokuwa tumeliweka juu ya karatasi: "Nikuite nani?" Akaambiwa amwite kwa jina, na kwamba yeye ataitwa mama, shikamoo ikageuka ikaenda inakostahili. Zamu ya Kijerumani swali hilohilo lilikuwa na kazi nyingine, kwani wao wana "wewe" ya heshima na "wewe" ya watu waliozoeana, na anayefungua mlango wa hiyo ya pili ni mkubwa. Mpwa wangu alibaki kwenye ile ya heshima mpaka mama mwenyewe alipomruhusu. Wazee wa kila mahali wana namna yao ya kutaka kuombwa.

Kisha habari zikaulizwa: za nyumbani, za kazi, za tangu asubuhi. Wageni wa siku hizi huziruka, wakiona ni kupoteza bando. Mimi naona ndizo dakika za faida kubwa kwa anayeanza, kwa sababu ni maswali ambayo majibu yake anayajua kabla, na sikio lake linapata nafasi ya kuzoea sauti ya mwenzake na ule ucheleweshaji wa mtandao. Kule mtoni tulisalimiana mpaka mgeni akachoka, na akishachoka ndipo hofu ilipokuwa imeisha.

Ungo ukainuliwa mbele ya kamera. Nakumbuka ilivyokwenda, kwa kuwa kila swali la mama lilichukua neno kutoka kwenye jibu la kabla yake.

"Hicho ni nini?"

"Huu ni ungo."

"Ungo unafanyia nini?"

"Tunapepetea mchele."

"Nani anapepeta?"

"Kwa kawaida hupepeta mama. Lakini leo nimepepeta mimi."

Hapo mama wa Basel alitaka kusema "kwa nini", nikaona midomo inaanza. Kwa nini si tusi, ila kwa mtu usiyemjua linamweka kizimbani, na "mbona" ndiyo hukumu kabisa. Akaangalia karatasi yake, akasema: "Leo ilikuwaje?" Swali la maneno mawili. Likafungua hadithi nzima: mama mtu yuko shambani tangu alfajiri, mpunga umeanza kuiva, kweleakwelea wameingia kwa makundi, na mwaka huu hakuna mtoto wa kumwachia kazi ya kuwinga ndege kwa sababu wote wako shule. Mama wa Basel hakuelewa yote. Alishika "ndege", alishika "shambani", akauliza: "Ndege gani?" Yeye mwenye maneno machache alikuwa anaendesha mazungumzo, na mwenye lugha ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Na bila kutaja somo lolote alikuwa amesikia "hupepeta" na "nimepepeta" zikiwa jirani, moja ya desturi na moja ya leo. Miaka ile hilo la "hu-" nililieleza kwa chaki mpaka nikakata tamaa.

Mpangilio wa maneno ulimsumbua kidogo. Alisema "Wapi unakaa?" na "Nini unapika?" kwa kuwa Kijerumani hutanguliza neno la kuulizia. Kwetu anaeleweka, ila inasikika kana kwamba anasisitiza. Upande wa pili madhara yalikuwa makubwa zaidi. Mpwa wangu, kwa mazoea ya "unakaa wapi", aliweka neno la kuulizia mwisho wa sentensi ya Kijerumani, na huko mpangilio huo hutumika na mtu aliyeshangaa, au ambaye hakusikia vizuri na anataka urudie. Mama alimtajia mtaa wake, akaurudia kwa sauti zaidi, kisha akauliza kama mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzuri, angalau kwa mara hiyo.

Ndipo likaja swali ambalo nadhani lingetangulia yote kama watu wasingeona haya: "Nikikosea, unikatize, au usubiri nimalize?" Wengi hawaulizi. Matokeo yake mmoja anasahihisha kila neno mpaka mwenzake ananyamaza, au hasahihishi kabisa kwa heshima, na makosa yanaota mizizi. Mama alisema akatizwe kwa yale yanayobadilisha maana tu, mengine aandikiwe kwenye wasapu baada ya simu. Mpwa wangu alitaka vivyo hivyo. Orodha aliyoletewa usiku ule ilikuwa fupi, na la kwanza lilikuwa lile neno la kuulizia.

Niliyaona hayo nikiwa pembeni, na sikuweza kuyafurahia yote. Muda ulikuwa mfinyu. Picha ilipoanza kukwama walizima kamera wakabaki na sauti, jambo la busara kwa bando, lakini ungo ukatoweka na maswali yakarudi kuwa ya kichwani. Pale ukingoni mgeni aliweza kuuliza jambo leo, akalifikiria, akarudi kuliuliza vizuri mwezi uliofuata kwa mtu yuleyule. Swali la Maji Maji, kwa mfano, la kwamba mwaka 1905 babu zetu walilivamia boma la Mahenge na kilichowapata baadaye, hakuna mgeni aliyelileta kwangu siku za mwanzo. Lilikuja lenyewe siku tulipokuwa tunaelekea huko. Sasa nasikia lipo kwenye orodha za watu kama swali la tano, kati ya chakula na muziki.

Lakini nusu yao ya pili, ile ya Kijerumani, ndiyo iliyonikera, na kero hiyo haimhusu yeyote kati yao. Miaka yote ile niliulizwa maswali yasiyo na idadi, nikayajibu, nikalipwa sabuni. Hakuna aliyesema, sasa zamu yako, niulize wewe kwa lugha yangu. Sikudai, na sidhani walininyima. Halikuwa jambo lililomjia mtu kichwani, si wao wala mimi. Nilijua wanavyokosea kwa Kiswahili mpaka nikaweza kumtambua Mswisi na Mwitaliano kwa kosa tu, lakini sikuweza kumuuliza hata mmoja wao, kwa lugha aliyoiota usiku, kwao ni wapi.

Mama alitaka kujua mjomba wa nyuma anajua Kijerumani kiasi gani. Akaelezwa. Akasema mkutano unaofuata dakika tano za nusu yake ni zangu.

Nilikuja na swali moja, nililolikariri na mpwa wangu akalipanga sawasawa, neno la kuulizia mbele: mtoni kwenu mnavukaje? Nilitarajia aseme daraja. Alisema madaraja yapo, tena mengi, ila Basel bado ina vivuko vinne juu ya Rhine, mashua za abiria zisizo na injini. Kila moja imefungwa kwenye waya uliokatiza mto kwa juu. Mwendeshaji anageuza usukani, maji yanaisukuma ubavuni, nayo inavuka. Watu wanaipanda hata asiye na safari, kwa kupenda tu. Alieleza polepole, kwa mikono, nikapata sehemu kubwa kabla ya kufasiriwa.

Nikataka kumuuliza mwenye mashua analipwa kiasi gani kwa mwezi. Mpwa wangu akazima maiki. "Mjomba," akasema, "hiyo ni ya mkutano wa sita."